Naomba maneno ya kumpigia simu mama mwenye duka, ankara imepitiliza mwezi

Fundi_Mifuko

Wakuu, habari za muda huu. Natengeneza mifuko ya karatasi na kuisambaza madukani. Kuna mama mmoja mwenye duka kubwa, mteja wangu wa miaka miwili, hajawahi kunisumbua hata siku moja. Tarehe 4 Machi nilimpelekea katoni 40, ankara namba 218, na makubaliano yetu yaliyoandikwa kwenye ankara ni alipe ndani ya siku 14. Maana yake mwisho ilikuwa 18 Machi. Leo ni 19 Aprili, siku ya 32, sijaona kitu.

Nimeshapiga mara tatu, na nazieleza hizo simu bila kujipamba. Ya kwanza nilisalimia, nikaulizia watoto, nikaulizia biashara, nilipotaka kuingia kwenye jambo akasema "niko na wateja mwanangu, nitakupigia". Hakupiga. Ya pili nikasema "samahani mama kwa usumbufu, nilikuwa naulizia tu kale kamzigo ketu", akajibu "usijali, nakukumbuka", kisha tukaagana. Ya tatu alipokea kijana wa dukani, nikamwambia amkumbushe bosi wake deni langu. Kimya mpaka leo.

Sitaki kumpoteza huyu mama, lakini na mimi anayeniuzia karatasi ananidai. Naomba anayejua aniandikie niseme nini, hata neno kwa neno, maana nikishika simu nanywea.

Jicho_Kavu

Unajibembeleza mwenyewe. Mpigie umwambie siku 7, asipolipa mnakutana mahakamani. Utaona hela inaingia kesho asubuhi. Watu wa madeni wanaelewa lugha moja tu.

Nusu_Nukta

Pole sana mkuu. Mimi nakushauri umwombe huyo mama akuongezee muda, umlipe kidogo kidogo, wenye maduka huwa wanaelewa ukiwaeleza hali yako mapema.

Fundi_Mifuko

Nusu_Nukta, mimi ndiye ninayedai, si ninayedaiwa 😂

Nusu_Nukta

Aah nilisoma haraka nikiwa foleni. Basi geuza huo ushauri wangu uwe wake.

Ndugu_Mali

Mkuu, tusimlaumu mama kabla hatujajua. Biashara ya namna hii ni mali kauli, unampa mzigo anauza, akishauza ndiyo anakulipa. Kama mifuko bado ipo stoo huna cha kudai. Ungeanza kwa kumuuliza kama imeisha.

Karani_Mstaafu

Nimekaa kwenye dawati la kudai madeni miaka mingi, sehemu kubwa wateja wetu walikuwa wenye maduka. Nianze na Ndugu_Mali. Angekuwa sahihi kama wangekubaliana hivyo. Lakini ankara ya Fundi ina tarehe ya malipo, na mifuko ya kufungashia duka huwa inaitumia, haiiweki rafu isubiri mnunuzi. Ukimuuliza "imeisha?" unampa mkononi sababu ambayo hata yeye hakuwa nayo.

Jicho_Kavu, mahakama ni neno la mwisho, na neno la mwisho ukilitoa mwanzo hutabaki na kitu mfukoni. Siku ya nane mama asipolipa, na Fundi asipokwenda mahakamani (na hatakwenda, kwa deni la kwanza la mteja wa miaka miwili), kila atakachosema baada ya hapo kitakuwa kelele. Vilevile hatujui kwa nini hajalipa. Hilo Fundi mwenyewe halijui, na simu zake zote tatu hakuuliza.

Sasa Fundi, tazama simu zako. Ya kwanza salamu zilikula muda wote. Mtu aliyesimama kaunta ana kama nusu dakika, na akisikia salamu zinavutwa anajua hili ni deni, anatafuta mlango. Salimia kwa heshima, mara moja, ingia. Ya pili uliomba samahani na ukaliita deni "kamzigo". Hukutaja namba ya ankara, kiasi, wala tarehe, na hukuuliza swali, kwa hiyo naye hakuwa na la kujibu zaidi ya kukutuliza. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Deni la bosi haliachwi kwa kijana wa kaunta. Likimfikia, limefika kwa aibu. Lisipomfikia, wewe unadhani limefika. Akipokea mtu mwingine sema tu: "Naomba kuzungumza na mama, ni mimi wa mifuko. Anapatikana saa ngapi?" Basi.

Kabla hujapiga, fanya mambo mawili. Angalia akaunti yako na simu yako ya malipo tena, toka 4 Machi mpaka leo, usije ukadai kilicholipwa kwa jina la mtu mwingine. Kisha weka mbele yako ankara na ile karatasi ya kupokelea mzigo iliyosainiwa. Tazama nani alisaini na kama kuna maandishi yoyote ya kalamu pembeni. Usiruke hilo la kalamu.

Maneno ningesema hivi:

"Shikamoo mama. Ni Fundi wa mifuko. Nina jambo la dakika mbili kuhusu ankara, nizungumze sasa au nikupigie saa ngapi?"

Akisema sasa si wakati, usiseme "sawa, nitakutafuta". Sema: "Hakuna shida mama. Nikupigie leo saa 8 mchana au kesho saa 4 asubuhi?" Achague yeye, na saa hiyo ikifika piga, usichelewe hata dakika 5.

Akisema zungumza: "Asante mama. Ni ankara namba 218 ya katoni 40, jumla ni kiasi fulani" (hapa taja tarakimu yote kamili mpaka ya mwisho, usiseme "kama hivi"). "Ilikuwa ilipwe tarehe 18 mwezi wa tatu, mpaka leo sijaiona. Kuna tatizo lolote na mzigo au na ankara yenyewe?"

Halafu nyamaza. Kwa watu waoga kama sisi hapa ndipo pagumu. Ukimya wa sekunde 4 kwenye simu unaonekana kama saa nzima, na mdomo unataka kuujaza: "lakini najua biashara ngumu mama, hata wiki ijayo si mbaya". Umeshamjibia. Ng'ata ulimi, subiri yeye aseme.

Msomaji_Kimya

Nimejiandikisha leo kwa ajili ya uzi huu tu. Karani, kwa nini umuulize kama kuna tatizo na mzigo? Si unamtengenezea kisingizio kama ulivyomwambia Ndugu_Mali?

Karani_Mstaafu

Swali zuri. "Imeisha?" inahamisha tarehe ya malipo, inafanya deni litegemee mauzo yake. "Kuna tatizo?" haihamishi kitu. Kama hakuna tatizo atasema hakuna, na hapo kilichobaki ni tarehe tu. Kama lipo, ni afadhali ulisikie leo kuliko siku ya 60. Nimeona madeni mengi ya wateja wazuri yaliyokwama hivi: mzigo ulikuja pungufu, mtu wa chini akamwambia dereva, dereva hakusema, na mwenye duka anakaa akisubiri wewe urekebishe wakati wewe unasubiri yeye alipe. Kila mmoja anamwona mwenzake hana adabu.

Mama_Kaunta

Mimi ndiye huyo mnayemjadili, yaani si yeye, ila nina duka. Niwaambieni kutoka upande wa pili wa simu.

Asubuhi nafungua, napokea mizigo, nahesabu, sishiki simu ya mtu. Jioni ndiyo wateja wamejaa. Ukinipigia saa hizo nikasema "nitakupigia" si uongo, wakati nasema namaanisha, ila ukishakata simu mbele yangu kuna watu sita. Nipigie katikati ya asubuhi, mzigo umeshapangwa na watu wachache, au baada ya mchana pakitulia. Na usinipigie siku ninayolipa wafanyakazi, siku hiyo kila hela ina jina.

Jingine, mimi nalipa anayenipa kila kitu mkononi. Nina msambazaji mmoja akipiga anasema namba ya ankara, kiasi na pa kulipia, halafu ananitumia hivyo hivyo kwa ujumbe. Namlipa nikiwa nimesimama. Mwingine ananiambia "lile deni letu", inabidi nitafute daftari, daftari liko nyumbani. Huyo anasubiri. Si kwamba simpendi.

Na hao wa kutisha mahakama, mimi mmoja nilimlipa siku hiyo hiyo. Sijanunua kwake tena.

Jicho_Kavu

Lakini ulilipa 😎

Mama_Kaunta

Nililipa, na mzigo wa mwaka mzima uliofuata akauza mwenzake. Piga hesabu mwenyewe.

Fundi_Mifuko

Wakuu, nimetazama ile karatasi ya kupokelea mzigo. Imesainiwa na yule kijana, na pembeni kwa kalamu kuna maneno mawili, "6 ndogo". Niliiweka kwenye faili bila kuisoma. Dereva namuuliza, anasema "aah, kweli alilalamika kitu".

Kwa hiyo inawezekana katoni 6 zilikuwa za saizi ndogo badala ya ya kati. Sasa nifanye nini, nipige niombe msamaha kwanza au nidai kwanza?

Karani_Mstaafu

Sasa umeona kalamu. Usipige mpaka ujue nini utamwambia kuhusu hizo 6. Amua leo: unazibadilisha, au unaziondoa kwenye deni kwa krediti noti? Ukipiga bila jibu, simu nzima itakuwa ya katoni 6 na zile 34 zitasahauliwa.

Zigawe. Katoni 34 hazina ugomvi, hizo zinadaiwa. Katoni 6 ni kosa lako, hizo unazirekebisha. Kosa la 6 halizuii malipo ya 34, ila wewe ndiye wa kulisema hilo, kwa upole, baada ya kukiri la kwako. Kukiri kuwe sentensi moja tu, usilie.

Mtiririko unabadilika kidogo. Baada ya kutaja ankara: "Nimeona kijana wako aliandika kwamba katoni 6 zilikuja saizi ndogo. Hilo ni kosa langu mama, nilipaswa kulijua siku ile ile. Nitakubadilishia keshokutwa, au nikupunguzie kwenye ankara, ipi inakufaa?" Akichagua: "Sawa. Basi zinabaki 34, jumla yake ni kiasi fulani. Hizo tunazimaliza lini?" Nyamaza.

Akisema "wiki hii", uliza siku. Akisema "Ijumaa", uliza kiasi na njia: "Ijumaa yote ya katoni 34, kwa njia ile ile ya siku zote?" Ahadi isiyo na siku, kiasi na njia haijawa ahadi. Akisema biashara imelala, usijadili biashara yake wala kusimulia shida zako. Uliza: "Leo unaweza kutoa kiasi gani, na kilichobaki tarehe ngapi?" Kwa mtiririko huo, leo kwanza. Kinacholipwa leo hata kikiwa kidogo kinakuonyesha kama nia ipo.

Kisha mrudishie maneno yake mwenyewe, shukuru, kata. Ndani ya dakika 10 tuma ujumbe wenye maneno yale yale. Akijibu hata "sawa", una maandishi yake ya kukubali deni na tarehe.

Ndugu_Mali

Na riba ya kuchelewa? Mwezi mzima mkuu, aongeze asilimia kidogo imuume.

Karani_Mstaafu

Kama haikuandikwa kwenye makubaliano mwanzoni, usiibuke nayo kwenye simu. Hasa ukiwa wewe ndiye uliyepeleka saizi isiyo yake.

Fundi_Mifuko

Nimerudi. Nilipiga leo saa 4 na nusu asubuhi, nimesimama, karatasi mbele yangu. Naandika ilivyokuwa.

Mimi: Shikamoo mama. Ni Fundi wa mifuko. Nina jambo la dakika mbili kuhusu ankara, nizungumze sasa au nikupigie saa ngapi?

Mama: Marahaba. Sema, ila haraka.

Mimi: Ni ankara 218 ya katoni 40, ilikuwa ilipwe tarehe 18 mwezi wa tatu. Nimeona kijana wako aliandika 6 zilikuja ndogo. Hilo ni kosa langu, samahani mama. Nikubadilishie keshokutwa au nikupunguzie?

Mama: (kimya kidogo) Kumbe unajua! Mimi nilisema huyu kijana kajifanya hajui, ananitumia salamu za deni kwa watoto wangu wa dukani, na mzigo wake hautoshi hata kufunga kitu.

Hapa nilitaka kujitetea kuhusu dereva. Nikajizuia.

Mimi: Ni kweli mama, sikupaswa kulipitisha kwa kijana. Halitarudi. Nikubadilishie au nikupunguzie?

Mama: Badilisha. Ndogo sina kazi nazo, zipo pale pale hazijafunguliwa.

Mimi: Sawa, keshokutwa naleta 6 za kati nachukua ndogo. Basi zinabaki 34, jumla ni (nikataja mpaka tarakimu ya mwisho). Tunazimaliza lini?

Wakuu, ule ukimya. Nilisikia mtu akiuliza bei huko nyuma, mama akamjibu, akarudi kwangu. Nilikuwa nimeshika meza.

Mama: Zote kwa mkupuo siwezi. Nikupe nusu.

Mimi: Nusu ya 40, yaani katoni 20, leo?

Mama: Leo jioni. Hizo nyingine Ijumaa.

Mimi: Leo jioni katoni 20, Ijumaa katoni 14, kwa njia ya siku zote. Na keshokutwa naleta 6 za kati. Nimekosea popote?

Mama: Hujakosea. Haya, niache nihudumie.

Dakika 2 na sekunde 50. Nikamtumia ujumbe huu: "Mama, asante kwa muda wako. Ankara 218: leo jioni malipo ya katoni 20, Ijumaa malipo ya katoni 14. Keshokutwa nabadilisha katoni 6. Ukilipa tafadhali andika 218. Fundi wa mifuko." Akajibu kidole gumba. Jioni saa 1 kasoro ikaingia, nusu kamili, ameandika 218.

Mama_Kaunta

Huyo mama alikuwa anakusubiri wewe! Mimi pia ningekunyima.

Karani_Mstaafu

Vizuri. Dosari moja: kidole gumba ni kizuri, lakini hizo katoni 6 zikishabadilishwa nazo zinadaiwa, na hukusema lini. Umemwachia upenyo. Siku ya kuzipeleka, mwambie uso kwa uso: "Na hizi 6 mama, tuziweke Ijumaa pamoja na zile 14?" Asaini karatasi mpya, na safari hii soma pembeni.

Ijumaa usipige usiku kulalamika kwamba haijaingia. Tuma ujumbe asubuhi: "Mama, leo ndiyo ile Ijumaa yetu ya 218." Ukumbusho kabla ya ahadi kuvunjika haumwaibishi mtu. Ikipita Jumamosi mchana bila neno, piga, na safari hii huulizi kama kuna tatizo. Unauliza: "Tulikubaliana Ijumaa, nini kimetokea?"

Fundi_Mifuko

Nimelisahau kabisa hilo la 6. Nitalifanya keshokutwa.

Swali la mwisho. Baada ya ile nusu kuingia, kijana wake amenitumia ujumbe anaagiza katoni 30 nyingine, kwa siku 14 zile zile. Nipeleke au nisubiri Ijumaa?

Jicho_Kavu

Usipeleke hata moja mpaka 218 iishe. Hapo sibadiliki.

Mama_Kaunta

Ukimnyima mifuko sasa hivi atanunua kwingine kwa taslimu, na hela ya kununulia ndiyo hiyo hiyo yako ya Ijumaa. Peleka.

Karani_Mstaafu

Wote wawili wana hoja. Mimi ningepeleka 10, na 20 zilizobaki baada ya Ijumaa, na ningemwambia yeye mwenyewe, si kijana. Lakini wenzangu wengine kazini wangesimama na Jicho_Kavu, na si mara zote walikosea.

Nusu_Nukta

Kwa hiyo mama amekuongezea muda au hajakuongezea?

Fundi_Mifuko

Nusu_Nukta, rudi foleni 😂. Ijumaa nitaleta majibu hapa hapa.